Barua kwa mwalimu mkuu: niombe vipi kujaribu skripti ya ripoti?

ChakiNyeupe
Walimu wenzangu, naandika barua kwa mkuu wangu, yah: ombi la kujaribu skripti ya kuandaa ripoti za darasa. Nina wanafunzi 42 na masomo 8. Skripti inasoma jedwali la alama, inapiga wastani, inapanga nafasi na kutoa ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Nasita kati ya njia mbili. Ya kwanza, ripoti zote za muhula huu zitoke kwa skripti. Ya pili, niandike kwa mkono kama kawaida, skripti itoe zake pembeni, tulinganishe, na mzazi apelekewe zile za mkono tu.

MzeeWaDaftari
Ya kwanza. Mkuu akiona wewe mwenyewe huiamini, yeye ataiaminije? Tena skripti ya nini? Mail Merge ya Word inajaza majina na alama bila kuandika msimbo.

KalamuNyekundu
Mzee, Mail Merge inajaza kile kilichokwisha kukokotolewa, na makosa huanzia kwenye hesabu. Mimi nachagua ya pili. Tuseme mtoto alikosa mtihani mmoja kwa ugonjwa, jumla yake ni 504. Ukigawa kwa 7 anapata 72. Ukimwekea sifuri ukagawa kwa 8 anapata 63. Kwenye karatasi zote mbili huoni kasoro mpaka uweke ya mkono kando yake.

```python
df["wastani"] = df[masomo].mean(axis=1)
df["nafasi"] = df["wastani"].rank(ascending=False, method="min")
```

Hapo alama isiyojazwa inarukwa, kwa hiyo atapata 72. Ukiondoa `method="min"`, wawili waliofungana nafasi ya pili wataandikiwa 2.5. Sema kwenye barua kwamba utakagua zote 42, ukianza na waliokosa mtihani na waliofungana.

MamaMuhula
Mimi napinga mashine kuandika maoni ya mwalimu wa darasa. Mwanangu alifiwa na babu yake katikati ya muhula, ripoti ikaja na "ameendelea vizuri", maneno yale yale ya darasa zima. Iliniuma.

ChakiNyeupe
Pole sana, mama. Skripti yangu haigusi maoni. Sehemu hiyo inabaki wazi niijaze kwa kalamu. Nitaliandika, maana mkuu naye anaweza kudhani hivyo. Aya yangu sasa inasema: "Naomba kibali cha muhula mmoja, darasa langu pekee. Ripoti za skripti hazitatoka ofisini. Nitakuletea orodha ya kila tofauti na sababu yake."

MzeeWaDaftari
Hiyo aya nimeikubali. Lakini huyo wa 72, awe mbele ya aliyefanya masomo yote 8 akapata 71?

KalamuNyekundu
Kwetu asiyekamilisha mitihani hapangiwi nafasi, ila sijui mkuu wako anaonaje. Muulize ndani ya barua hiyo hiyo, ajibu kabla hujaiendesha.