Mtindi wangu una ladha ya bati: nigandishie kwenye chombo gani?

MamaShangani:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko Mtwara mjini, nauza mtindi wa vikombe, huu mwaka wa pili. Kila jioni naletewa lita 10 za maziwa. Nayachemsha kwenye sufuria kubwa ya alumini, nayaacha yapoe, natia mbegu ya mtindi wa jana, nafunika na kuyaacha humo humo kwenye sufuria mpaka asubuhi. Mwaka jana sikuwa na shida. Tangu joto hili lilipoanza, wateja wawili wameniambia mtindi una ladha kama umelamba bati. Nimeonja mwenyewe, ni kweli, na siku ninazochelewa kuugawa mpaka saa sita mchana unazidi.

Kitu kingine nimekigundua jana wakati wa kuosha. Ndani ya sufuria, juu ya usawa wa maziwa ni kijivu kama zamani. Chini ya usawa huo imekuwa nyeupe, inang'aa, na mpaka kati ya sehemu hizo mbili umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Nimeambiwa ninunue stenlesi, mwingine kasema chungu, mwingine ndoo ya plastiki, dada yangu anasema vioo. Hela yangu inatosha kosa moja tu, sio manne. Naombeni ushauri.

FundiGereji:
Dada, alumini ni sumu, inaleta ugonjwa wa kusahau. Tupa hiyo sufuria leo. Nunua stenlesi, na ukienda dukani beba sumaku: ikinasa, hiyo ni feki, ukiweka isinase ndiyo yenyewe. Hata ndoo ya bati ni afadhali, wazee wetu waliitumia.

MfugajiNachingwea:
Mimi shida yangu ndiyo hiyo hiyo ya vyombo. Natoa maziwa kijijini saa kumi na mbili asubuhi kwa bodaboda, nayaweka kwenye madumu ya lita 20 yaliyokuwa ya mafuta ya kula. Yakifika mjini mengine yameshakata. Je, nikiyahamishia kwenye kioo yatafika?

MzeeWaMaziwa:
Marahaba, mama. Nimefanya kazi kwenye vituo vya kukusanya maziwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, kwa hiyo niruhusu nianze na ule mstari ulionyooka, maana umeshajieleza wenyewe.

Alumini haikai uchi. Ikiguswa na hewa inajifunika utando mwembamba sana, na huo utando ndio unaoilinda. Kijivu unachokiona juu ni utando huo pamoja na chumvi za maji zilizoshika miaka yote. Asidi inauvua. Wewe ni mtu wa pwani, bila shaka umewahi kuchemsha ukwaju au ndimu kwenye sufuria iliyofubaa ikatoka inang'aa kama mpya. Ule mng'ao sio usafi. Ngozi imeondoka, na ilikoenda ni kwenye ukwaju. Sufuria yako imefanyiwa hivyo hivyo na mtindi, polepole, kila usiku.

Sasa kwa nini mwaka jana hapana na mwaka huu ndiyo? Maziwa yanapotoka kwenye ng'ombe ni kama hayana asidi, pH yake ni karibu 6.7. Bakteria wa mbegu wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na yanapofika karibu 4.6 yanaganda. Kutoka pale mpaka hapa asidi imeongezeka zaidi ya mara 100. Utando wa alumini unavumilia mpaka karibu 4.5. Ukiona vizuri, mtindi unapoganda tu uko mlangoni kabisa mwa hatari, bado haujaingia. Ukiutoa saa hiyo, hasara ni ndogo. Lakini kwa joto la Mtwara la miezi hii mbegu inafanya kazi haraka, mtindi wako pengine umeganda kabla ya alfajiri, halafu unakaa mpaka saa sita ukizidi kuchacha kuelekea 4 na chini yake. Hapo ndipo sufuria inapoliwa. Ladha unayoisikia siku za kuchelewa inakubaliana na hilo.

MzeeWaMaziwa:
Ndugu Fundi, nakubaliana nawe kwamba asigandishie humo, ila mengine tusimtishe mama wa watu. Habari ya ugonjwa wa kusahau imebishaniwa miaka mingi na haijathibitishwa. Mtu mzima mwenye figo nzima hutoa sehemu kubwa ya alumini kwa mkojo. Ninayemwogopea ni mteja mwenye ugonjwa wa figo. Na ninaziogopa zaidi zile sufuria nzito za kienyeji zinazomiminwa kutokana na vyuma chakavu, maana ndani yake kunaweza kuwa na madini ya risasi, na hayo hayana kiwango kizuri kwa mtoto.

Sumaku nayo inadanganya pande zote mbili. Alumini haishiki sumaku, na sio stenlesi. Ipo pia stenlesi halali inayoshika sumaku, haina nikeli tu, nayo kwa mtindi inafaa. Angalia zaidi ndani: pawe laini, pasiwe na kiungo kilichopigwa ribiti ambapo maziwa yatajificha. Na ndoo ya bati hapana kabisa, tena hapana kubwa. Ile imepakwa zinki, na asidi inaimaliza zinki kwa kasi kuliko alumini. Mtu akinywa kilichochachia humo anaweza kutapika siku hiyo hiyo.

Nachingwea, wewe swali lako ni jingine. Maziwa yako ni mabichi, hayana asidi ya kuuma chuma, ndiyo maana keni za alumini zinatumika kubebea maziwa na ni sahihi. Kinachokuharibia ni dumu: mdomo mwembamba, mkono haufiki ndani, na mafuta ya zamani yameshika kwenye plastiki. Kioo kwenye bodaboda ya barabara zetu utazoa vigae. Tafuta keni ya mdomo mpana, na uondoke mapema zaidi.

MamaShangani:
Ahsante sana mzee. Kwa hiyo kuchemshia niendelee na alumini ileile? Na nitajuaje kwamba ni sufuria kweli, sio mbegu yangu iliyochoka?

MzeeWaMaziwa:
Kuchemshia endelea, hakuna asidi bado. Ila usiisugue kwa waya, isafishe kwa sabuni na sifongo.

Kuhusu kujua, usinunue kitu kwanza. Kesho chemsha maziwa kama kawaida, yakipoa yakawa vuguvugu mkononi, tia mbegu yote humo humo kwenye sufuria, yaani mililita 200 kwa lita 10, ukoroge. Kisha chota lita moja uweke kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana uliyoisuuza kwa maji ya moto, na yaliyobaki yaache kwenye sufuria. Weka vyote sehemu moja. Asubuhi usiviguse, viache mpaka saa sita. Mtu mwingine aonje bila kuambiwa kipi ni kipi. Vikiwa na ladha ya bati vyote viwili, kosa liko kwenye mbegu au maziwa. Ikiwa ni cha sufuria peke yake, umeshapata jibu.

Mjukuu_Newala:
Samahani mzee, mbona chungu kimesahaulika? Huku kwetu bibi anagandishia kwenye chungu cha udongo alichofinyanga mwenyewe, na mtindi wake ukiinamisha kijiko haumwagiki. Hajawahi kutumia mbegu. Anatia maziwa, kesho yake yameganda.

MzeeWaMaziwa:
Sijakisahau, nilikuwa nakiogopa kidogo. Chungu kisichopakwa rangi ya kung'aa hakina shida na asidi. Uzito wa mtindi wa bibi unatokana na udongo wenyewe: unanyonya maji na kuyapitisha nje, yanakauka ukutani, kwa hiyo mtindi unabaki mzito na chungu kinakuwa baridi kidogo. Kwenye joto letu ubaridi huo ni faida, maana uchachu unakwenda polepole.

Lakini vitundu hivyo hivyo vinatunza bakteria. Ndiyo maana bibi hahitaji mbegu, iko ukutani. Akiingia mbaya naye anakaa humo humo, na sabuni hairuhusiwi kwa sababu udongo unainywa. Utamjua kwa macho: mtindi una matundu kama mkate, au umepanda na kupasuka huku maji yake yakiwa chini, au unanukia kama pombe. Kwa nyumba inayojua chungu chake, sawa. Kwa mtu anayeuzia watoto wa watu, mimi binafsi sishauri.

Mjukuu_Newala:
Bibi anakisuuza kwa maji yanayochemka, anakianika jua la siku nzima, kisha anakifukiza moshi kabla ya kutia maziwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyeumwa tumbo. Naheshimu kazi yako mzee, ila hapo sijashawishika.

MamaShangani:
Wapendwa, nimerudi. Nimefanya kama mzee alivyosema, kwenye chupa ya kioo iliyokuwa ya achari. Saa sita jirani yangu ameonja bila kujua. Vyote vichachu sawasawa, ila cha sufuria alitema akaniuliza nimeweka nini. Cha kioo alimaliza.

Kwa hiyo ni sufuria. Vioo vya lita 10 sitaweza, na nina watoto wadogo wanaokimbia ndani. Stenlesi ya ukubwa huo bei imenishinda mwezi huu. Naweza kuanza na ndoo ya plastiki?

MzeeWaMaziwa:
Unaweza. Asidi ya mtindi haiisumbui plastiki ya chakula. Geuza ndoo uangalie kitakoni, pembetatu yenye namba 2 au 5 ndani yake. Isiwe iliyokuwa na rangi wala dawa, hata ukiiosha mara mia. Usimimine maziwa ya moto, yapoe kwanza kwenye sufuria ndipo uhamishe na kutia mbegu. Osha kwa kitambaa laini, kwa sababu kila mchubuko ni nyumba ya bakteria na mafuta. Siku ukiinusa ikiwa kavu na bado inanukia mtindi wa zamani, ishushe daraja, iwe ya maji ya kufulia. Ukijaliwa nunua stenlesi, hiyo utairithisha.

MamaShangani:
Ndoo ya namba 5 nimeipata sokoni, wiki ya pili sasa, ladha ya bati hakuna. Na nikiri jambo: nilinunua pia chungu kidogo cha lita 3 kwa mama mmoja wa Newala. Mtindi wa kwanza mzito kweli, mume wangu hataki mwingine. Wa tatu leo una matundu madogo juu. Nimeumwaga. Mjukuu, hebu muulize bibi, huo moshi ni wa kuni gani, na anafukiza muda gani?

Mjukuu_Newala:
Nampigia jioni akitoka shamba.