Neno la siri lenye moyo limenifungia nje, na fomu yenyewe iliniambia ni "imara sana"!

Wakuu, nina hasira hapa nilipo. Mwezi uliopita nilijisajili kwa simu kwenye mfumo wa maombi wa chuo fulani. Neno la siri lilikuwa mtindo huu (siyo lenyewe, msihangaike): Tukuyu❤️. Kimstari kikageuka kijani. Baadaye simu ikapotea. Leo niko steshenari Mwanjelwa, maombi yanafungwa keshokutwa, kibodi haina moyo. Kijana wa hapa akabonyeza Alt na 3. Kosa. Akanakili moyo mwingine kutoka Word. Kosa. Mara ya tano nimefungiwa saa 24! Kwani moyo si moyo?

KyelaMchele: Zima data uwashe, mkuu. Leo mtandao Mbeya unasumbua.

Mwenye uzi: Mtandao umeingiaje? Inasema nimekosea!

FundiSoweto: Kijana wako alikupa mioyo mingine kabisa. Tazama:

```
❤️  U+2764 U+FE0F
❤   U+2764
♥   U+2665
```

Simu ilituma wa kwanza, moyo pamoja na kialama kisichoonekana kinachoagiza upakwe rangi. Huo wa Word nadhani ni wa pili. Alt+3 ni moyo wa karata. Mfumo hauangalii picha, unasaga hizo namba, na moja ikipungua unga wote ni mwingine. Na ule ukijani? Jicho linaona vitu 7, fomu ikahesabu na kialama ikapata 8, ikakupitisha.

Msomi_Uyole: Lakini emoji zipo zaidi ya 3,000. Mwizi ataanzia wapi?

FundiSoweto: Kwenye moyo, mkuu. Ungezichagua kwa kufumba macho ningekubaliana nawe. Watu wanaweka jina la kwao, kisha moyo. Tena kibodi inaziweka mbele ulizotumia karibuni, aliyeshika simu yako anaziona.

MnyaluKihesa: Mimi huku Iringa kwenye mfumo wa kazini niliweka 🍌. Siku moja nikakosea nikaweka 🥭, ukafunguka. Nikajua nina bahati.

FundiSoweto: Ebu andika alama ya kuuliza mahali pa ndizi.

MnyaluKihesa: Mungu wangu. Umefunguka.

FundiSoweto: Basi huo ni wa zamani, haujui emoji, kila moja unaigeuza "?". Badilisha sasa hivi, na uwaambie wenye mfumo.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwangu! Kiungo cha kubadilisha kinatumwa kwenye laini iliyopotea na simu. Nimeazima simu ya dada.

FundiSoweto: Ukifunguliwa, chukua moyo kwenye kibodi ya hiyo simu, usinakili popote. Nyingi zinatuma na kialama. Ya dada yako siijui.

KyelaMchele: Na data uwashe.

Mwenye uzi: Zimebaki saa 22.