Kanishukuru kabla sijakubali, na mimi nikapiga makofi!

PindoLaChini:
Wakuu, naandika hapa nimekaa kibarazani Barabara ya 12, chai imepoa, mkono unatetemeka.

Yule Mama mnamjua. Sitaki kumtaja, na hakuna haja. Ukisema Tanga nzima "Mama wa sare" hata mbuzi wa Makorora anageuka.

Leo Ijumaa, saa 11 kasoro dakika tano. Nimeshatoa mguu kwenye pedali. Cherehani nimeifunika kanga, mkasi mfukoni, roho yangu iko Muheza kwenye shughuli ya dada. Yule Mama katokea mlangoni na karatasi. Akasimama katikati ya ovaloki na mashine ya matundu, akaomba zote zizimwe. Ukiona fundi kaambiwa azime mashine bila umeme kukatika, ujue kuna msiba.

Akasoma. Sare za ile shule ya Jumatatu hazijaisha, kitambaa kilichelewa njiani kutoka Dar, anatuomba Jumamosi tuunganishe mpaka saa 11 jioni na Jumapili tuingie saa 3 asubuhi tutoke saa 8 mchana. Halafu, sikilizeni vizuri, akakunja karatasi akasema: "Nawashukuruni sana, sana." AKAPIGA MAKOFI.

Hakuna aliyekuwa amejibu! Tupo mafundi kumi na mmoja, midomo kumi na moja imefungwa, mtu anashukuru. Anashukuru nini? Mwenzangu wa ovaloki akapiga makofi. Wa pasi akapiga makofi. Na mimi, mkono huu huu ninaoandikia, nikapiga makofi. Nimeizika wikendi yangu mwenyewe na nikaishangilia.

Tangu nizaliwe sijawahi kushukuriwa kwa ukatili namna ile.

BintiChumbageni:
Yaani umefungua uzi kwa sababu umeambiwa asante? Sisi huku ofisini neno hilo tunalisikia kwenye matangazo ya redio tu.

PwezaMkavu:
Shida siyo Mama, shida ni makofi yako. Ungeweka mikono mfukoni na mkasi wako.

PindoLaChini:
Mkasi ulikuwa mfukoni ndiyo maana mikono ikawa wazi. Hebu nyinyi piga picha: "Nawashukuruni sana, SANA." Ile sana ya pili ndiyo iliyoniua.

JembeLaPongwe:
Mkuu usilie, hapo umeula. Sheria iko wazi, wikendi yote ni mara mbili. Jumamosi mara mbili, Jumapili mara mbili. Kakae kitako uhesabu hela.

MzeeWaMishahara:
Umepatia nusu tu, Jembe. Nimeandaa mishahara ya watu miaka mingi, hilo kosa nalikuta kila mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haijui neno wikendi. Inajua saa za kawaida, ambazo hazizidi 45 kwa wiki, na inajua siku ya mapumziko ya wiki. Ukivuka saa za kawaida unalipwa si chini ya mara moja na nusu. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko ndipo inakuwa mara mbili.

Sasa PindoLaChini, acha makofi kidogo. Kwa kawaida Jumamosi mnafanya kazi?

PindoLaChini:
Tunafanya, saa 2 asubuhi mpaka saa 7 mchana. Siku nyingine saa 2 mpaka saa 11, na saa moja ya kula katikati. Lakini Jumamosi zote hizo hajawahi kunipigia makofi!

MzeeWaMishahara:
Basi Jumatatu mpaka Ijumaa ni saa 40, Jumamosi 5, jumla 45. Umejaa pomoni. Kesho mpaka saa 7 ni mshahara wako wa kila siku, hauongezwi senti. Mkila saa 7 mkarudi saa 8 mpaka 11, hizo saa tatu ni za ziada, mara moja na nusu. Jumapili saa tano, kwa kuwa ndiyo siku yenu ya kupumzika, ni mara mbili.

Na kipande unachokiruka: hakuna wa kukulazimisha saa za ziada bila makubaliano. Je, alisema asiyeweza afanye nini?

PindoLaChini:
Alisema.

BintiChumbageni:
Alisema nini?

PindoLaChini:
Alisema mwenye udhuru amwambie kabla ya saa 12, hakuna atakayenuniwa. Lakini alisema BAADA ya makofi! Mtu umeshapiga makofi, unaanzia wapi kuwa na udhuru? Ningeinua mkono ule ule uliopiga?

PwezaMkavu:
😂😂😂 Modi, uzi huu ubandikwe juu mwaka mzima.

JembeLaPongwe:
Hata hivyo makofi ni makubaliano. Kashakubali mbele ya mashahidi kumi.

MzeeWaMishahara:
Makofi si sahihi, Jembe. Atazame mkataba wake. Mikataba mingi ina kipengele kwamba mfanyakazi anakubali saa za ziada zikihitajika, na wengi tunasaini bila kusoma.

JembeLaPongwe:
Kama kasaini basi na Jumapili imo humo humo, hana pa kutokea.

MzeeWaMishahara:
Hapo sikufuati. Saa za ziada na siku ya mapumziko ni vifungu viwili tofauti, kila kimoja kinataka makubaliano yake. Kipengele kikitaja saa za ziada tu, mimi Jumapili ningeiombea idhini upya. Najua wapo maofisa rasilimali watu watakaobishana nami mpaka jua lizame.

PindoLaChini:
Nimeshajipigia hesabu. Napokea 390,000, na 60,000 ya nauli. Nimegawa 390,000 kwa siku 30, nikagawa kwa saa 8, nimepata 1,625 kwa saa. Jumla yote inakuja 23,500 na ushee. Elfu ishirini na tatu kwa kukosa ubwabwa wa shughuli ya dada yangu!

MzeeWaMishahara:
Ngoja. Nauli weka pembeni, sawa, hesabu inafuata mshahara wa msingi. Ila ukigawa kwa 30 umejilipa na Jumapili ulizolala, ndiyo maana saa yako imekuwa rahisi. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa saa zako za wiki. 390,000 kwa 4.333 ni kama 90,000. Gawa kwa 45, saa yako ni 2,000.

Jumamosi saa tatu kwa 3,000 ni 9,000. Jumapili saa tano kwa 4,000 ni 20,000. Jumla 29,000 kabla ya makato. Ukiona kwenye hati ya mshahara imekuja ile ya kwako ya 23,500, ujue mhasibu naye kagawa kwa 30. Hapo ndipo pa kufungulia uzi, siyo kwenye asante.

PindoLaChini:
Mzee nimekuelewa. Lakini ile "sana" ya pili haimo kwenye jedwali.

KolaNgumu:
Nisaidieni na mimi, nasimamia mafundi sita Bagamoyo, naripoti moja kwa moja kwa meneja mkuu. Hizi za ziada nami zinanihusu? Mwaka wa tatu sijaona hata mia.

MzeeWaMishahara:
Pole. Anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, sehemu ile ya saa za kazi haimhusu. Swali ni kama kweli unasimamia, au umepewa cheo ili usidai.

KolaNgumu:
Nimepewa filimbi na daftari.

ZamuYaUsiku:
Mnalia Jumapili mchana? Mimi mlinzi, naingia saa 2 usiku natoka saa 12 asubuhi, na mbu wa huku wana meno. Asante yangu ni kukutwa nimesinzia.

MzeeWaMishahara:
ZamuYaUsiku, saa 2 usiku mpaka 12 asubuhi yote ni kazi ya usiku, kila saa inaongezwa si chini ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Ipo kwenye hati yako?

ZamuYaUsiku:
Hati gani? Mimi napewa bahasha.

KolaNgumu:
PindoLaChini, kama fundi kwa fundi: zimebaki nini hasa?

PindoLaChini:
Mashati 84. Yameshonwa yote, yamebaki matundu, vifungo, pasi. Kila shati matundu saba.

KolaNgumu:
Na mashine ya matundu ngapi?

PindoLaChini:
Moja.

KolaNgumu:
Basi Mama kawaita watu kumi na mmoja kuja kumtazama mmoja. Matundu karibu 590 yanapita kwenye sindano moja, hata mkijaa ishirini hayaendi mbio zaidi. Angemwita wa matundu mapema na mmoja wa kumpokea, wa vifungo wafuate yakianza kurundikana, wa pasi mwisho. Jumapili wangetosha wanne. Wewe uko kitengo gani?

PindoLaChini:
Mapindo.

KolaNgumu:
Mapindo yameisha?

PindoLaChini:
Yaliisha Jumatano.

BintiChumbageni:
Kwa hiyo unakwenda kulipwa 29,000 kukaa kwenye kiti, na umekuja kutulilia. Subhanallah.

MamaWatatu:
Samahani, sijasoma yote. Ni ile shule ya njia ya Raskazone? Mwanangu anaanza Jumatatu na nimelipia sare tangu Novemba! Wewe kaka zima simu ukashone!

PindoLaChini:
Mama, ni usiku.

MamaWatatu:
Mlinzi hapo juu yuko kazini sasa hivi.

PwezaMkavu:
Kwani kuna fundi aliyewahi kutoa nguo siku aliyosema? Wangu nilimpelekea kitambaa cha kanzu mwezi wa Shaabani. Idi imepita, ya pili imepita. Nikienda ananionyesha mkono mmoja wa kanzu.

BintiChumbageni:
Wa kwako anakuonyesha mkono. Wangu gauni langu nimelikutana nalo harusini, limevaliwa na shemeji yake.

JembeLaPongwe:
Na ule msemo wao, "limebaki pindo tu."

PwezaMkavu:
PINDO TU! Wallahi hilo neno liongezwe kwenye sheria.

PindoLaChini:
Wakuu turudi kwenye mada. Yule Mama alisimama, akakunja karatasi...

MamaWatatu:
BintiChumbageni, hilo gauni lilikuwa la rangi gani? Kuna fundi mmoja Ngamiani nadhani namjua.

BintiChumbageni:
Zambarau, na lesi mgongoni.

MamaWatatu:
Ndiye huyo huyo. Ana langu la kitenge tangu Agosti.