Nina wafuasi 62,000 TikTok: nichukue hela ya tangazo, kamisheni, au niuze dagaa wangu mwenyewe?

BintiMwaloni (Kirumba)
Mwangaluka wakuu. Narekodi video za pale Mwaloni: mitumbwi ikishusha, akina mama wakichambua dagaa, wabebaji wakitaniana. Video moja ya sangara aliyebebwa na vijana wawili ilifika watazamaji laki tisa, ndiyo iliyonifikisha hapa. Sasa hata kwenye daladala naitwa "dada wa sangara", ila nauli nalipa kama kawaida.

Nina njia tatu mezani. Duka la viatu Makoroboi linataka kunipa 100,000 kwa video. Duka jingine la viatu halina hela ya mbele, linasema litanipa 2,000 kwa kila jozi itakayouzwa kupitia kwangu. Ya tatu ni wazo langu, kukaanga dagaa na kufunga pakiti. Mngekuwa nyie mngeanza na ipi?

KakaNyegezi
Zote hizo unajisumbua. TikTok wenyewe wanalipa ukishapita wafuasi elfu kumi na video zako zikapata watazamaji laki moja ndani ya siku thelathini. Jisajili, tulia.

Mzee wa Igoma
KakaNyegezi, masharti umeyataja sawasawa, lakini mpango huo uko kwa nchi chache na Tanzania haimo. Dada anachoweza kupata kule ni zawadi za laivu, nazo zinategemea nani kaamka usiku huo. YouTube ndiyo inalipa matangazo hapa kwetu, na wao wanataka wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au video fupi zitazamwe mara milioni kumi ndani ya siku tisini.

Dada, kabla hujachagua naomba vitu viwili. Fungua takwimu za akaunti, sehemu ya wafuasi, utuambie wako wapi. Halafu chukua video zako kumi za mwisho, zipange kuanzia iliyotazamwa sana hadi kidogo, usome ya katikati. Ile ya sangara iweke pembeni kabisa.

MamaT
Dagaa debe bei gani? Unaleta mpaka Buzuruga?

BintiMwaloni
@MamaT bado sijaanza mama, nikianza nitakwambia 😅

Mzee wangu, nimeangalia. Tanzania 58%, Kenya 31%, waliobaki wametawanyika. Kwenye miji Dar inaongoza, Mwanza ni 9% tu. Video ya katikati ina watazamaji 6,200. Nimeishiwa nguvu.

Mzee wa Igoma
Usiishiwe nguvu, umepata jibu la nusu ya swali. 9% ya 62,000 ni kama watu 5,600 wa Mwanza, na video moja haiwafikii wote. Mwenye duka la Makoroboi anauza kwa mtu anayeweza kufika dukani kujaribu kiatu. Mkenya atakupa kopa na kuendelea na safari yake. Kwa hiyo 100,000 chukua, lakini ujue atalipa mara moja au mbili, akiona mlango haujatikisika ataacha kupokea simu. Usipige hesabu ya video nne kwa mwezi.

Mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni kwenye WhatsApp: video moja, sekunde ngapi, itakaa siku ngapi, marekebisho mara moja tu. Nusu ilipwe kabla ya kurekodi. Na kama mlipaji ni kampuni iliyosajiliwa, usishangae akikata 5%. Hiyo ni kodi ya zuio kwa watengeneza maudhui. Mwombe cheti cha makato hayo, usije ukahesabiwa mara mbili.

MC_Rocksiti
Mimi sina wafuasi mtandaoni, ni MC wa harusi, ila Igoma mpaka Kisesa wananijua. Bucha moja ilinikubalia kamisheni, niitaje ukumbini nipate changu kwa kila atakayesema nimemtuma mimi. Nani anaingia bucha akasema "nimetumwa na MC"? Mwezi mzima nikapewa kilo mbili za utumbo. Nilikula, lakini sikurudia.

DadaUkerewe
MC 😂😂 Ila kamisheni siyo mbaya yenyewe, ubaya ni kwamba anayehesabu ni mwenye duka. Mimi nauza madera. Dada mmoja anayenitangazia nilimsajilia lipa namba yake peke yake. Mteja akitoka kwake analipa pale, na ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu zetu wote wawili. Duka la 2,000 kwa jozi likikataa jambo dogo kama hilo, utakuwa umejua.

Mzee wa Igoma
Hiyo ya lipa namba ni nzuri, ingawa wapo watakaolipa taslimu na utawakosa.

Chanja_na_Chumvi
Nije kwenye dagaa, maana huko nimepita na nimeungua. Nilikuwa na wafuasi kama nusu ya wako.

Mzigo wa kwanza: dagaa wa chanja 90,000 (wa mchangani usiwaguse, mteja akitafuna mchanga mara moja humpati tena), mafuta 28,000, mkaa 8,000, ndimu, chumvi na pilipili 6,000, mifuko na lebo 18,000. Jumla 150,000. Zikatoka pakiti 45 za robo kilo, nikauza 5,000 kila moja, nikashika 225,000. Boksi la Dar kwa basi 10,000. Pakiti sita zilirudi na harufu ya kuchacha, nikarudisha 30,000. Kilichobaki mkononi ni 35,000, na sijahesabu siku mbili za kusimama jikoni.

Kuchacha kulikuwa kosa langu. Nilifunga dagaa wakiwa bado na uvuguvugu. Ukiona umande ndani ya mfuko baada ya nusu saa, fungua, watandaze tena mpaka wapoe kabisa na mafuta yachuje kwenye karatasi.

Mzigo wa pili ndio ulionimaliza. Nilichukua oda na hela kwa bei ileile, wakati wa giza, dagaa wamejaa. Nikachelewa wiki moja, mbalamwezi ikaingia, wavuvi wakapumzika. Dagaa wale wale wakawa 130,000. Wateja walishalipa. Toa 40,000 kwenye ile 35,000 yangu, ujionee.

BintiMwaloni
Mbalamwezi! Nakaa hapa hapa Mwaloni na sikuiwaza. Kwa hiyo ninunue wakati wa giza niweke?

Chanja_na_Chumvi
Wakavu nunua uweke, wakikaa pakavu wanavumilia. Waliokaangwa usirundike. Chukua oda za siku tano tu, funga oda, kaanga, tuma. Na ukitaka kuweka madukani nenda SIDO kwanza wakuelekeze habari ya nembo ya TBS, maana supamaketi hawatapokea mfuko wenye lebo ya stesheni.

KakaNyegezi
Sasa mbona faida yenyewe 35,000 na tangazo moja ni 100,000? Si achukue matangazo tu.

Chanja_na_Chumvi
Tangazo linaisha, mteja wa dagaa anarudi. Kati ya wale 39 ambao mzigo wao ulikuwa mzima, 11 waliagiza tena bila mimi kuposti chochote.

Mzee wa Igoma
Hapo hatukubaliani, 11 ni wachache kwa kazi ile. Lakini wafuasi wake wengi wako Dar, na Dar dagaa wa Mwanza wana jina.

BintiMwaloni
Nimemwomba wa Makoroboi nusu ya hela kabla, kasema atanijibu Jumatatu. Wa kamisheni nimemtajia lipa namba, kasoma ujumbe, kanyamaza. Jioni hii nawauliza wafuasi wa Dar nani atalipia pakiti mbili kabla sijawasha jiko.

MamaT
Mimi niandikie mbili. Bila pilipili.