Tupeane uzoefu: Uliorodheshwa CRB kwa deni usilodaiwa, ulilirekebishaje?

Mama Bahati (mwanzisha mada), Nakuru

Ndugu zangu, naanza na yangu. Mwezi wa Mei 2024 niliomba mkopo wa kununua shamba katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikakataliwa kwa sababu nilikuwa nimeorodheshwa CRB, yaani katika kampuni ya kumbukumbu za mikopo, kuwa mdaiwa sugu wa benki ambayo mkopo wake nilidhani niliumaliza mwaka 2022. Mkopo ule ulikuwa wa Sh 120,000, nao ulilipwa kwa makato ya mshahara ya Sh 5,840 kila mwezi kwa miezi 24, kuanzia Aprili 2020 hadi Machi 2022. Mimi sikuwahi kuigusa fedha hiyo, kwani mwajiri ndiye aliyeikata na kuipeleka.

Nilichukua ripoti yangu kamili, ambayo kila mtu ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Ilionyesha mkopo chechefu wenye malimbikizo ya Sh 9,310, yaliyoanza tarehe 31 Machi 2022. Nikatafuta hati yangu ya mshahara ya Machi na kuona kwamba makato yamo. Karani wa benki akaniambia kwamba hata wao waliyapokea, lakini deni bado lipo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Nitaeleza baadaye nilivyolitatua, ila nawaomba nanyi mseme yaliyowapata.

Kijana wa Thika

Mama, pole sana. Mimi nilidaiwa Sh 2,300 na mkopeshaji wa simu, deni ambalo mpaka leo silitambui. Nililipa siku hiyohiyo, nikapata cheti cha kutodaiwa, nikaendelea na maisha yangu. Kwa kiasi kidogo namna hiyo sioni haja ya kuandikiana barua. Lipa, jina lisafishwe.

Karani Mstaafu, Mombasa

Kijana, cheti ulipata kweli, lakini jina halikusafishwa kama unavyodhani. Nilifanya kazi katika idara ya mikopo kwa miaka mingi, na jambo hili ndilo lililowaponza wateja wengi kuliko jingine lolote. Ukilipa deni, mkopeshaji hupeleka taarifa kwamba salio sasa ni sifuri, ila historia ya kwamba ulichelewa hubaki katika ripoti kwa miaka mitano tangu siku uliyomaliza kulipa. Kwa hiyo umelipa fedha usizodaiwa, na juu yake umeligeuza kosa la mkopeshaji kuwa kumbukumbu inayoonekana ya kweli. Anayepinga habari isiyo sahihi haombi iandikwe "imelipwa". Anaomba iondolewe au isahihishwe tangu mwanzo wake. Yasome maneno hayo katika barua utakayojibiwa, maana wakopeshaji hupenda kukupa la kwanza kana kwamba ni la pili.

Mama Bahati, nina swali moja. Ripoti yako inasema malipo ya mwisho yalipokewa lini?

Mama Bahati

Tarehe 31 Machi 2022, siku ileile ambayo malimbikizo yanasemekana kuanza. Hilo lilinishangaza.

Karani Mstaafu

Hapo ndipo penye ufunguo. Mtu aliyeacha kulipa huwa na malipo ya mwisho yaliyotangulia malimbikizo, kwa mwezi mmoja au zaidi. Tarehe hizo mbili zikigongana, mara nyingi kuna awamu moja iliyopotea katikati, si mwishoni. Benki hutumia malipo yoyote yanayofika kufuta awamu ya zamani zaidi isiyolipwa. Basi ikiwa awamu ya mwezi mmoja haikufika, ile ya mwezi unaofuata huziba pengo hilo, na pengo linasogea mbele mwezi baada ya mwezi hadi likajitokeza kwenye awamu ya mwisho. Usiitafute Machi. Omba taarifa ya akaunti ya mkopo ya miezi yote 24, uiweke sambamba na hati zako za mshahara.

Mama Bahati

Laiti ningekufahamu wakati ule, kwani niligundua hivyohivyo baada ya majuma mawili ya kuhangaika. Awamu iliyokosekana ilikuwa ya Novemba 2021. Mhasibu wa mwajiri wangu alipekua orodha ya malipo ya mwezi huo akaona kwamba tarakimu mbili za nambari ya akaunti yangu zilibadilishana nafasi. Fedha zilifika benki, zikawekwa katika akaunti ya fedha zisizotambuliwa mwenyewe, zikakaa humo zaidi ya miaka miwili huku mimi nikiongezewa faini ya Sh 3,470.

Nilipeleka pingamizi kwa maandishi kwa kampuni ya kumbukumbu za mikopo tarehe 10 Juni, na nakala kwa benki. Niliambatanisha nakala ya kitambulisho, ukurasa wa ripoti wenye kosa, hati ya mshahara ya Novemba, orodha ya mwajiri na uthibitisho wa benki kwamba iliipokea fedha. Benki ilinipigia simu kwanza, ikanipendekezea nilipe Sh 5,840 nisamehewe faini. Nilikataa, nikaomba wanijibu kwa barua. Barua ilikuja tarehe 27 Juni, ikikiri kosa na kusema kwamba wameagiza habari hiyo iondolewe.

Mdhamini wa Dodoma

Mimi niko Tanzania, na kwangu mkopaji ni shemeji yangu, mimi nilimdhamini tu. Sasa jina langu limeonekana katika taarifa za mikopo. Je, nami niandike kwamba habari si sahihi, maana fedha sikuzila mimi?

Karani Mstaafu

Ndugu, hilo ni jambo tofauti. Ikiwa ulitia sahihi ya udhamini na shemeji hajalipa, habari ni sahihi hata kama inakuuma. Pingamizi lingekuwa na nguvu iwapo salio limekosewa au wewe umeandikwa kuwa mkopaji. Taratibu za huko zina kanuni zake, kwa hiyo anza kwa kuomba nakala ya mkataba uliotia sahihi.

Kijana wa Thika

Nimesikia kwamba siku 21 zikipita bila jibu, jina hufutwa lenyewe. Je, si bora mtu akae kimya tu angoje?

Karani Mstaafu

Nusu ya hayo ni kweli. Kanuni za Kenya zinaitaka kampuni ya kumbukumbu iifute habari inayopingwa ikiwa haikukamilisha uchunguzi ndani ya siku 21. Lakini siku huhesabiwa tangu ilipopokea pingamizi lako, si tangu ulipolalamika kwa karani wa benki, kwa hiyo tunza nambari ya kumbukumbu na tarehe. Tena mkopeshaji hutuma taarifa za wateja wake kila mwezi. Vitabu vyake visiporekebishwa, kilichofutwa kinaweza kurudi mwezi unaofuata, na hapo unaanza upya.

Mama Bahati

Hilo nalo lilinipata kwa namna yake. Kenya ina kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, na mimi nilikagua ripoti zote tatu katikati ya Julai. Mbili zilikuwa safi. Ya tatu bado ilionyesha malimbikizo, safari hii Sh 3,470 peke yake, ile faini. Mtu fulani aliingiza awamu ya Novemba mahali pake lakini akaisahau faini iliyotokana nayo. Niliandika pingamizi la pili nikiambatanisha barua ya tarehe 27, likaondolewa mwezi Agosti.

Kijana wa Thika

Mzee Karani, mimi niliyekwisha kulipa zile Sh 2,300, bado ninaweza kupinga?

Karani Mstaafu

Unaweza kujaribu, ingawa mkopeshaji atasema kwamba kulipa kwako ni kukiri. Mwombe akuonyeshe mkopo ulitumwa kwa nambari gani ya simu na tarehe gani. Ikiwa nambari si yako, tuandikie hapa kama imesajiliwa kwa kitambulisho chako au cha mtu mwingine, bila kutaja jina.