Kikombe cha chai juu ya jedwali langu la mtihani!

Tichee_Bondeni: Wakuu, mnamjua. Yule mwalimu mwenzangu wa kalamu nne mfukoni. Leo saa nne, hapa Nakuru, ametua kikombe cha chai juu ya jedwali langu la mtihani wa Gredi ya 7. Kikombe kinachovuja! Nimelichora usiku kucha hadi jogoo akanionea huruma. Mada kushoto, kukumbuka na umilisi juu, alama katikati. Muhula huu vipindi vya sayansi vilikuwa 40, michanganyiko ikala 16. Kwa hiyo kati ya alama 50, nimeipa 20. Yeye kaja na karatasi ya kununua, michanganyiko alama 6, zote "taja, taja". Mtoto alitakiwa aweze kutenganisha, si kutaja! Namwambia hivyo, ananijibu, "Tia tiki visanduku vyote." Halafu kikombe. To! Duara la chai limekaa pale kwenye safu ya fikra tunduizi.

Msema_Kweli: 😂😂 Angalau kuna kitu kimejaza hicho kisanduku.

Jirani_Kondele: Kwetu Kisumu ni hivyo hivyo, jedwali la vipindi linabadilishwa kila Jumatatu.

Tichee_Bondeni: Ndugu, si la vipindi! La MTIHANI. Lenye chai.

Mzee_wa_Idara: Huyo bwana ana haki kidogo. Umilisi ni saba na yote yapimwe. Kisanduku kitupu ni kosa.

Mama_Kakamega: Saba ni kweli, mzee wangu. Lakini mtoto aliyekalishwa peke yake na kukatazwa kunong'ona, ushirikiano utampima vipi? Huo unautazama kwenye mradi wa kikundi. Kwenye karatasi acha patupu. Tichee, hebu tuone swali lako.

Tichee_Bondeni: "Chumvi imemwagika kwenye mchanga. Eleza jinsi utakavyoipata tena ikiwa kavu." Alama 4: kutia maji, kukoroga, kuchuja, kuchemsha maji yaishe. Hiyo ni fikra tunduizi halisi!

Mama_Kakamega: Darasani mlifanya jaribio gani?

Tichee_Bondeni: …Chumvi na mchanga.

Msema_Kweli: Mleteeni kikombe cha pili 😭

Mama_Kakamega: Basi hapo wanakumbuka tu, mwanangu. Hizo alama 4 zihamishie safu ya kukumbuka. Waongezee unga wa chuma, kama hawajawahi kuuona humo. Wapange hatua wenyewe, waseme kwa nini sumaku itangulie kabla ya maji. Anayejua kwamba chuma kikilowa kinagandana na mchanga, huyo amefikiri.

Mzee_wa_Idara: Na mkaguzi akiuliza visanduku vitupu?

Tichee_Bondeni: Sawa mama, nitahamisha. Lakini KIKOMBE, jamani! Kulikuwa na meza nzima!

Jirani_Kondele: Nyinyi mna chai? Sisi sukari iliisha wiki ya pili na bado tunakatwa pesa ya chai.

Msema_Kweli: Mnakatwa ngapi? Sisi mia tatu, na mandazi hatuyaoni.