Tupeane uzoefu: mliojiwekea taima ya gemu kwenye simu, mliipangaje isiwe kero?

Kinyozi_Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Siulizi namna ya kuacha gemu, kucheza nitacheza. Ninachotaka ni kujipangia mwisho mwenyewe, bila kelele za mama watoto na bila kuifuta gemu. Nacheza PUBG. Niliingia Settings, nikafungua Digital Wellbeing & parental controls, nikaenda Dashboard, nikaitafuta gemu na kuiwekea dakika 45 kwa siku. Tatizo ni kwamba inanifungia katikati ya mapambano. Ghafla unaambiwa muda umekwisha, ikoni imekuwa ya kijivu, na wenzangu watatu wamebaki uwanjani wanamlinda mtu aliyesimama kama mnazi. Hasira zinapanda, narudi kwenye mipangilio, naitoa taima, halafu nacheza mpaka usiku mkubwa. Mliofanikiwa mlipangaje?

Fundi_Arusha
Mkuu, hizo dakika 45 umezipata wapi? Nahisi uliziandika kwa sababu zinapendeza kuzitazama. Mechi ya kawaida pale Erangel, ukifika nayo mwisho, inakaribia nusu saa. Juu yake kuna kukaa lobi, kusubiri wachezaji wajae, kusubiri ndege. Taima inahesabu muda wote ambao gemu iko mbele ya macho yako, hata kama unachagua nguo za mchezaji tu. Kwa hiyo ulijipa mechi moja na kipande cha ya pili. Hicho kipande ndicho kinachokutia hasira.

Mimi nilianza kwa kuiacha Dashboard inihesabie wiki nzima bila kuweka kikomo chochote, nikaona siku ya kawaida nacheza kiasi gani. Baada ya hapo nikaacha kufikiria dakika, nikafikiria mechi. Nikasema zangu ni mbili kwa siku. Kila moja nikaipa dakika 35 pamoja na lobi yake, jumla 70. Hiyo ndiyo taima niliyoweka. Ni ndefu kuliko yako, lakini naiheshimu.

Halafu kuna kanuni ya pili, na bila hiyo ya kwanza haifai kitu. Kabla ya kubonyeza Start natazama Dashboard zimebaki ngapi. Zikiwa chini ya 35, siingii mechi. Tuseme mechi ya kwanza umeuawa dakika ya 8, umeingia ya pili ukafika mwisho. Hapo umetumia kama 45, zimebaki 25. Ndipo mtu anaposema "ngoja nijaribu kidogo", na ndipo atakapofungiwa akiwa duara la mwisho. Hizo 25 mimi nazitumia uwanja wa mazoezi au naziacha. Onyo la simu lisikudanganye, linakuja mwishoni kabisa na halitoshi kumalizia chochote.

MamaZuu
Asanteni kwa mada. Mwanangu wa darasa la tano naye simu haiachi mkononi. Hii nikimwekea ataweza kuitoa?

Fundi_Arusha
Dada MamaZuu, ataitoa kwa dakika moja, maana haina nywila. Hapa tunaongelea mtu mzima anayejizuia mwenyewe. Kwa mtoto tafuta Family Link, ile unaidhibiti kutoka kwenye simu yako.

Bwana_Mdogo_Tanga
Mnajisumbua bure. Washeni Bedtime mode, ikifika saa nne usiku gemu hazifunguki mpaka asubuhi. Mimi imenisaidia sana.

Mlinzi_wa_Zamu
Bwana Mdogo, hapo umechanganya. Bedtime mode inaigeuza skrini rangi nyeusi na nyeupe na kunyamazisha simu, lakini gemu inafunguka kama kawaida. Labda wewe ukiona imepauka hamu inakutoka. Ni sawa, ila usiwaambie watu inafunga.

Niwaeleze yangu, kwa sababu kuna jambo hamjaligusa. Mimi nacheza eFootball, na muda wangu ni usiku kwa sababu ya kazi. Taima inaanza upya saa sita kamili usiku. Nilijipa dakika 40, mechi tatu za dakika kumi kumi na nafasi ya kupumua. Nazimaliza saa tano na ushee, roho safi kabisa. Inagonga saa sita, ikoni inarudisha rangi, nina dakika 40 mpya! Kwa simu hiyo ni siku nyingine, kwangu mimi ni kiti kilekile na chai ileile. Dashboard ilionyesha kila siku 40, sheria haijavunjwa, na usiku mmoja nimecheza mara mbili yake.

Dawa yake niliipata kwenye Focus mode, iko humohumo ndani ya Digital Wellbeing. Unachagua programu zinazokuvuta, unapanga saa. Yangu inaanza saa tano na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hii inafunga kweli. Ila ukitaka, inakuruhusu mapumziko ya dakika 5, 15 au 30 kisha inajirudisha yenyewe. Ninachoipendea ni hicho. Siku timu ina fainali naomba 15, nacheza moja, imeisha. Sijihisi nimefungwa na mtu.

Jirani_Kisumu
Mimi natumia iPhone, kwetu inaitwa Screen Time. Muda ukiisha unapewa Ignore Limit, unaweza kuomba dakika moja, au ukumbushwe baada ya dakika 15, au uipuuze siku nzima. Niliona ni rahisi mno, nikamwambia mke wangu aweke nywila yeye. Wueh! Kuanzia hapo ikawa kesi ya nyumbani. Kila jioni naomba ruhusa kama mtoto wa bweni, na akilala nacheza kwenye simu ya zamani. Tulipoiondoa ile nywila nikaacha kuificha simu. Sasa nabonyeza ile ya dakika 15, mara nyingi inatosha. Sisemi kila siku.

Binti_Sayari
Yangu si mechi, ni Candy Crush, kwa hiyo hesabu ya Fundi hainifai. Mimi nafungua mara nyingi, kidogo kidogo. Maisha ni matano, kila moja linarudi baada ya nusu saa, na simu inaniita yakijaa. Taima ya nusu saa nilikuwa naimaliza kabla ya saa sita mchana. Ukigusa gemu pale Dashboard inaonyesha pia arifa zilizoingia na mara ulizoifungua. Nilipoona mara nilizofungua nikazima arifa zake. Taima sijaigusa, iko palepale nusu saa, ila siku hizi inabaki.

Kaka_Mkavu
Kama unaweza kuitoa taima kwa kubonyeza mara mbili, hiyo ni mapambo. Futa gemu, lala.

Mlinzi_wa_Zamu
Nilishaifuta, kaka. Akaunti iko mtandaoni, nikaipakua tena na bando likaenda nayo.

Kaka_Mkavu
Basi hukuwa na nia. Sijashawishika.

Kinyozi_Mbagala
Fundi, nimeweka 70 kama ulivyosema. Leo nimetoka zimebaki 12, sikuingia ya tatu. Swali langu ni Jumamosi. Saluni nafunga mapema, tunakutana kikosi kizima, na mbili hazitoshi. Naweza kuipa Jumamosi muda wake peke yake?

Fundi_Arusha
Kwenye Android yangu hapana, taima ni moja kwa siku zote. Jumamosi nabadilisha kwa mkono asubuhi, kabla sijagusa gemu. Ukisubiri kubadilisha ukiwa umeshafungiwa, utaongeza kwa hasira.

Jirani_Kisumu
Huku kwa iPhone ipo, Customize Days. Kila siku na muda wake.

Kinyozi_Mbagala
Sasa mimi wa Android Jumapili nani atanikumbusha kuirudisha 70?